Je, wajua kwa nini sampuli ya tufetheluji haiwasemei wote?

“Natafiti akina mama Wakongomani wanaotembeza vitenge na bangili hapa Kampala. Nilianza na mama mmoja wa Katwe, akanipeleka kwa wenzake, nao kwa wenzao, hadi nimefikisha 200. Asilimia 80 wako kwenye vikundi vya akiba. Mbona msimamizi wangu ananikataza kuandika kwamba ndivyo walivyo wote?”

Njia hiyo ya mtu kukupeleka kwa mwenzake ndiyo huitwa sampuli ya tufetheluji, na anakukataza kwa sababu hao 200 hawakupatikana kwa nafasi sawa. Mama anayejulikana na wengi ana milango mingi ya kutajwa. Asiyejulikana ana mmoja au hana kabisa. Na kikundi cha akiba, kwa kawaida yake, humfanya mtu ajulikane.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme mjini wapo wachuuzi 1,000 wa aina hiyo, na nusu tu ndio wenye vikundi. Mwenye kikundi anafahamiana na wenzake 20, asiye na kikundi anafahamiana na 5. Tuseme pia wanachanganyika vizuri, hawabaguani. Wenye vikundi wanaweza kutajwa mara 500 × 20, yaani 10,000. Wengine, 500 × 5, yaani 2,500. Ukifuata mnyororo, kila mara 4 kati ya 5 utaangukia kwa mwenye kikundi. Hiyo ni asilimia 80 yako, imetoka katika umma ambao ukweli wake ni asilimia 50, na hakuna aliyekudanganya. Kuongeza watu hadi 400 hakusaidii: kosa litabaki palepale, ila utalitangaza kwa kujiamini zaidi.

Watafiti walijaribu kulitibu. Mwaka 1997 Douglas Heckathorn, mwanasosholojia wa Marekani, alipendekeza kila mhojiwa apewe kuponi chache za kuwagawia wenzake, ili mtu mmoja maarufu asijaze sampuli peke yake, na mtafiti aandike nani kamleta nani. Kila mhojiwa huulizwa pia anafahamiana na wangapi wa kundi lake, kisha majibu ya wenye marafiki wengi hupewa uzito mdogo kwenye hesabu. Kwenye mfano wetu una wenye vikundi 160 na wasio navyo 40. Gawanya 160 kwa 20, upate 8. Gawanya 40 kwa 5, upate 8. Nusu kwa nusu, sawasawa na ukweli.

Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadai mambo ambayo binadamu hawayafanyi: mtu akumbuke sawasawa idadi ya anaofahamiana nao, na akigawa kuponi achague kama anayepiga kura ya bahati nasibu. Wewe ungempa nani kuponi? Bila shaka jirani, au yule uliyesali naye Jumapili.

Utajuaje basi kama tiba imefanya kazi, ikiwa kundi lenyewe halina orodha? Hapo ndipo Uganda ilipotoa jibu. Kusini-magharibi mwa nchi, vijijini, kuna eneo ambalo watafiti wa afya wamekuwa wakiwahesabu wakazi kwa miaka mingi, hivyo wanaume wakuu wa kaya walijulikana wote: 2,402. Watafiti wakajifanya hawana orodha, wakatumia mnyororo wa kuponi, wakapata 927. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha sampuli inafanana na umma kwa mengi, lakini vijana na wenye hali bora kiuchumi walikuwa pungufu. Marekebisho ya uzito hayakuondoa upungufu huo. Makadirio mengi hayakuukaribia ukweli kuliko namba ghafi. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95, ambayo ingepaswa kuugusa ukweli mara 95 kati ya 100, iliugusa kwa asilimia 50 hadi 74 tu.

Na hao walikuwa wakuu wa kaya wanaojuana kijijini, hawana cha kuficha. Mama anayekimbia askari wa jiji na bangili zake ni habari nyingine.

Kwa hiyo chora minyororo yako. Kama yote inarudi kwa yule mama wa Katwe, una mtazamo wa upande mmoja. Ungeanza pia na mwingine wa Nsambya na mwingine asiye wa kanisa lolote unalolijua. Halafu tazama asilimia ya wenye vikundi inavyokwenda kadiri watu wanavyoongezeka. Ikiwa bado inapanda au kushuka ulipofika wa 200, au kila mnyororo una jibu lake, sampuli bado inakumbuka ilikoanzia. Ikitulia ni afadhali, ingawa mama asiyefahamiana na mchuuzi mwenzake yeyote hataingia hata ukifuata mnyororo mwaka mzima.

Kwenye ripoti andika: “Kati ya wanawake 200 tuliowafikia kuanzia Katwe, 160 wako kwenye vikundi.” Kisha tumia kurasa zako kwa kile ambacho mbinu hii inakiweza vizuri: vikundi hivyo vinaendeshwaje, nani huweka fedha, na mwanachama akishindwa kulipa wanamfanyaje.