Vimiminika vya gari: kipi hupungua, kipi hakitakiwi kupungua, na gharama zake

Chini ya boneti ya Toyota IST ya injini ya lita 1.5, gari ambalo Watanzania wengi huanzia nalo, kuna vimiminika vitano vya kukagua: oili ya injini, kulanti, mafuta ya breki, oili ya gia boksi na maji ya waipa. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba havipungui kwa namna moja. Oili ya injini huweza kuliwa kidogo kidogo, na maji ya waipa huisha kwa kutumika. Vingine vikishuka kuna sababu, nayo itafutwe kabla ya kuongeza.

Oili ya injini pima kila wiki. Simamisha gari sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika tano oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza robo lita halafu upime upya, kwa sababu ikizidi alama ya juu hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi vizuri. Oili kuwa nyeusi ni kawaida. Ya kutisha ni iliyobadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia. Injini hii huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni la lita nne la 5W-30 linatosha na kubaki kidogo cha kuongezea. Tenga shilingi 80,000 hadi 130,000 kwa oili na filta.

Kulanti ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoua injini haraka. Itazame kwenye kikopo cha pembeni injini ikiwa imepoa: iwe kati ya alama za LOW na FULL. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo hurukia usoni. Kikopo kikishuka tena na tena, chunguza mipira, pampu ya maji na rejeta. Usipoona tone popote, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanachomwa ndani ya injini. Kujaza maji ya bomba au ya kisima ni kosa kubwa, hasa maji ya chumvi, kwa kuwa huleta kutu na magaga yanayoziba njia nyembamba za rejeta. Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, lita tano kwa shilingi 25,000 hadi 50,000.

Mafuta ya breki yana siri yake. Hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo kikopo kilichoshuka kidogo kinakuambia ukague pedi kwanza. Ukijaza hadi juu halafu ukafunga pedi mpya, mafuta yatamwagika, nayo hubabua rangi ya gari. Yakishuka ghafla, gari lisitembee, kuna mvujo. Pia hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa karibu kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Yenye maji huchemka mapema, na kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga pedali inaweza kuzama hadi chini bila breki kushika. Lita moja ya DOT 3 ni shilingi 10,000 hadi 25,000.

Oili ya gia boksi ya otomatiki, ambayo mafundi wengi huita haidroliki, hupimwa injini ikiwa inawaka na imepata moto. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti na kusoma sehemu ya HOT. Iwe nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaungua. IST hizi za zamani hutumia oili ya aina ya T-IV. Usikubali kuwekewa oili ya CVT kwa hoja kwamba zote ni za otomatiki, kwani msuguano wake ni tofauti na gia zitaanza kuteleza. Kumwaga na kujaza huchukua lita tatu hivi, shilingi 80,000 hadi 130,000 kwa galoni.

Maji ya waipa ni maji safi na sabuni yake, elfu chache tu. Kama gari lako lina kikopo cha oili ya stelingi, kiongeze kwenye ukaguzi. Lenye stelingi ya umeme halina.

Gari lililotoka Japani bila rekodi ya matengenezo, badilisha vyote vinne, ukiacha maji ya waipa, mara moja: kati ya shilingi 195,000 na 335,000, bila malipo ya fundi. Bei hizi ni za kukadiria na hupishana kwa duka na mji. Galoni lenye muhuri uliofunguliwa au bei ya chini mno, liache dukani.