Je, wajua unaweza kula pesa hata timu yako ikifungwa fainali?

"Niliweka 20,000 kabla ya mashindano kuanza kwamba timu yangu itatwaa kombe, odi 12. Sasa imefika fainali. Vijana wa hapa Kijenge wananiambia nikicheza vizuri napata faida yoyote atakayeshinda. Hiyo inawezekanaje?"

Inawezekana kwa sababu tiketi yako imepanda thamani huku dau lako likibaki lilelile. Walipokuwa wanashindana wengi, kampuni ilikupa odi 12. Leo zimebaki timu mbili. Tuseme timu yako kutwaa kombe ni odi 2.10, na mpinzani ni 1.75. Tiketi yako ikitiki inalipa 240,000. Kazi yako ni kumwekea mpinzani dau ambalo nalo litalipa 240,000: gawanya 240,000 kwa 1.75, unapata 137,143.

Sasa jumlisha ulichotoa mfukoni. Ni 20,000 ya zamani na 137,143 ya leo, yaani 157,143. Akishinda huyu au yule, unapokea 240,000, na baada ya kurudisha pesa yako unabaki na faida ya 82,857. Kama huna laki na thelathini na kitu mkononi, usikope. Weka 60,000 tu kwa mpinzani: akishinda unapokea 105,000, faida ni 25,000; timu yako ikishinda, faida ni 160,000. Bado hakuna upande wa kupoteza, ila pande hazilingani.

Wengi wanaumia kwenye kuchagua soko. Tiketi yako ni ya kutwaa kombe, kwa hiyo inahesabu muda wa nyongeza na penalti. Soko la kawaida la 1X2 linaishia dakika 90 na majeruhi yake. Chukua fainali ya AFCON iliyochezwa Yaoundé Februari 2022: Senegal na Misri zilitoka 0-0 hata baada ya dakika 120, Senegal ikashinda penalti 4-2. Mtu aliyekuwa na tiketi ya Misri kutwaa kombe, akajikinga kwa kuweka Senegal ishinde kwenye 1X2, mikeka yote miwili ilichanika usiku uleule. Kinga yake ilipaswa kuwa Senegal kutwaa kombe, basi. Odi ya 1X2 huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayowavuta watu. Ukubwa huo unatokana na sare iliyofichwa ndani yake.

Njia ya pili ni kitufe cha Cash Out, pale kampuni inapojitolea kuinunua tiketi yako kabla ya mechi kuisha. Ili ujue kama bei ni nzuri, rudi kwenye kinga yako. Faida ya 82,857 ukiongeza dau lako la 20,000 ni 102,857. Hiyo ndiyo bei ambayo wewe mwenyewe unaweza kuitengeneza kwa kumwekea mpinzani. Ukitoa faida ya kampuni iliyomo kwenye zile odi mbili, nafasi ya timu yako ni karibu 45 kwa 100, hivyo tiketi ina thamani halisi ya karibu 109,000. Kampuni haitakupa hiyo. Tuseme inakupa 98,000. Kwa hesabu hii, kinga inaishinda Cash Out kwa 4,857.

Lakini hapa Tanzania kuna kodi ya ushindi, na inaweza kugeuza jibu. Kiwango kimewahi kubadilishwa, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye tiketi yako. Kwa mfano tu, tuseme inakatwa asilimia 10 ya kile kinachozidi dau. Tiketi ya 240,000 sasa inalipa 218,000. Odi ya mpinzani ya 1.75 inageuka 1.675. Dau la kinga linakuwa 218,000 gawanya kwa 1.675, yaani 130,149, na faida yako inashuka hadi 67,851. Imeshuka kwa kasi kwa sababu kodi inakatwa kwenye tiketi iliyoshinda bila kujali kwamba ile nyingine imekula dau lako. Cash Out ya 98,000 ina ziada ya 78,000. Ikikatwa asilimia 10 hiyohiyo, unabaki na 70,200. Hapo Cash Out ndiyo imeshinda, kwa zaidi ya 2,300.

Kwa hiyo piga hesabu zote mbili baada ya kodi, na uzipige kabla filimbi haijapulizwa. Mpira ukianza, kampuni inaweza kukifunga kitufe hicho dakika yoyote, hasa penalti inapotolewa au goli linapokaguliwa, na ile odi ya 1.75 haitakuwepo tena.