Kwa nini tufunge mwamba mmoja kwa miezi mitatu

Nimeandika hapa, kwa kifupi, yale niliyozungumza na wanaushirika wa wavuvi wa pweza, maana wengi waliuliza baada ya mkutano.

Mwenyekiti, mama zangu, kaka zangu, sikuja kuwaambia bahari yote ifungwe. Naomba mwamba mmoja tu, kwa miezi mitatu, mingine ibaki wazi watu wapate kitoweo.

Pweza si kama changu. Changu huhitaji miaka kukua, kwa hiyo miezi mitatu haimfai kitu. Pweza wa miamba yetu maisha yake yote ni kama mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na mdogo akishiba huweza kuongeza uzito karibu mara mbili kwa mwezi. Yule wa nusu kilo unayemchokoa leo, na sheria ya Bara hairuhusu kuvua chini ya gramu 500, ukimwacha miezi miwili anafika kilo mbili. Tuseme kilo ni shilingi 8,000: leo umepata 4,000, ukisubiri utapata 16,000 kwa pweza yuleyule, shimo lilelile. Wengine watakufa au wataliwa na mikunga, hilo nakubali, lakini bado hesabu iko upande wetu.

Kuna anayesema tunafunga ili wazaane. Ni kweli kwa sehemu. Jike hutaga mara moja tu, hujifungia shimoni akilinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Ila watoto huelea na mkondo kwa wiki kadhaa, na huenda wakatua kwa jirani. Faida yenu ya haraka ni uzito.

Mwamba upi? Hapa ndipo ushirika mwingi hukosana. Mkifunga ule wa karibu, wanaoumia ni akina mama wanaokwenda kwa miguu maji yakitoka. Wenye ngalawa watakwenda mbali, wao watakwenda wapi? Chagueni mwamba ambao pande zote mbili zinautumia, na vijiji jirani vijulishwe kabla, la sivyo mtalinda usiku wao wakivua.

Siku ya kufungua iwe ndani ya bamvua, maana maji mafu mwamba haukauki. Kubalianeni bei na mnunuzi mapema, barafu iwepo. Pweza wengi wakitua pwani siku moja bila barafu, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Mizani nayo iwepo, na kila pweza apimwe.

Msipime mafanikio kwa siku hiyo peke yake, kwani siku ya kwanza kila mtu hupata. Linganisheni na bamvua inayofuata. Kama wadogo wa nusu kilo wamerudi kuwa wengi kwenye mizani, mmeshavua faida yote kwa siku mbili. Mwaka wa pili wekeni kikomo cha watu au cha siku za kuvua.