Unaelewa muvi kwa sababu unaisoma

Wanaokuja kwangu jioni kujifunza Kiingereza hapa Dodoma, wengi wao watumishi na wanachuo, hawakosi sentensi hii: "Mwalimu, mimi muvi naangalia sana na naelewa zote, ila wageni wakiongea sishiki kitu." Nikiuliza wanaangaliaje, jibu ni lile lile. Wanawasha maandishi ya chini, wanatazama mwanzo mwisho, wakiamini sikio litazoea lenyewe. Mdogo wangu, halizoei. Kilichozoea ni jicho.

Muvi zenye sauti ya mtafsiri juu yake tusizijadili. Ni burudani nzuri na mimi naziangalia, lakini pale mwigizaji amefunikwa, hakuna cha kusikiliza. Ninaowazungumzia ni wale wanaoweka maandishi ya Kiingereza au ya Kiswahili na kudhani wanafanya mazoezi ya kusikiliza.

Maandishi hutokea kwenye kioo mara tu mwigizaji anapofungua mdomo, na aliyesoma sekondari humaliza mstari kabla mwigizaji hajamaliza kusema. Sauti inapofika maana umeshaipata, na sikio halina sababu ya kuhangaika. Ukitaka kuamini, chukua faili la maandishi ya muvi yoyote uliyonayo, lile linaloishia na `.srt`, ulifungue kwa Notepad. Utakuta vipande kama hiki nilichokitunga:

```
412
00:31:07,200 --> 00:31:09,000
What are you going to do about it?
```

Ni namba ya kipande, muda wa kutokea na kutoweka, kisha maneno. Maneno manane ndani ya sekunde 1.8, na hakuna hata moja asilolijua mtoto wa kidato cha pili. Lakini kinachotoka mdomoni kwa Mmarekani ni kitu kama "wochagona DU abaudit". Sisi kila silabi tunaipa haki yake, na mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unajua neno limeishia wapi. Kiingereza kinakanyaga silabi chache zenye mkazo, zilizobaki kinazimeza, na mpaka kati ya neno na neno unapotea. Ukisoma, umeelewa yote manane. Ukisikiliza, pengine umepata "du" peke yake. Pengo hilo ndilo linalotakiwa kufanyiwa mazoezi, na ndilo maandishi yanalolificha.

Kwa hiyo muvi ya kujifunzia kusikiliza ni ile unayoielewa ukiisoma na usiyoielewa ukiisikiliza. Ukiielewa kwa njia zote mbili, hiyo tazama na familia. Usipoielewa kwa njia yoyote, irudishe ulikoitoa.

Utajuaje? Ruka hadi katikati ya muvi, mahali watu wanapoongea, siyo wanapofukuzana. Zima maandishi. Sikiliza dakika tatu, ukirudia kipande kwa kipande mara mbili tatu, na uandike kila unachosikia. Kwenye VLC ya kompyuta, `Shift` na mshale wa kushoto hukurudisha nyuma sekunde tatu. Kisha fungua maandishi ya Kiingereza na uweke alama kwenye kila neno lililokupita: A kwa neno ambalo hata ukilisoma hulijui, B kwa neno unalolijua ukilisoma ila hukulisikia.

Nina mwanafunzi anayekaa mapokezi kwenye hoteli ndogo Area D. Alipima muvi mbili alizojaziwa kwenye flashi. Ya kwanza ilikuwa ya vita. Dakika tatu zilikuwa na maneno kama 90, yakampita 40, na kati ya hayo 25 yalikuwa A: vyeo, silaha, lugha ya redio za jeshi. Ya pili ilikuwa ya ugomvi wa kifamilia, jikoni na sebuleni. Maneno 360, yakampita 110. Akaniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba ya pili ni ngumu mno kwake na atabaki na ya vita.

Hapo ndipo ninapopandisha presha. Kati ya yale 110, A zilikuwa 12 tu. Maneno 12 kati ya 360 ni neno moja katika kila 30. Yale mengine 98 alikuwa nayo kichwani tangu shule, hajawahi tu kukutana nayo yakiwa yamemezwa namna ile. Kwenye ya vita, zaidi ya robo ya maneno hayakuwa yake kabisa, na hakuna sikio linaloweza kusikia neno ambalo kichwa hakina. Tena kwa dakika tatu zile zile, ya jikoni ilimpa mazungumzo mara nne zaidi.

Mpaka ninaoutumia ni A moja katika kila maneno 20. Sikuuokota njiani. Mwaka 2009 watafiti Webb na Rodgers walichambua maneno ya muvi zaidi ya 300, wakaona kwamba mtu mwenye familia za maneno 3,000 za Kiingereza, yaani neno na maumbo yake yote yakihesabiwa kama kitu kimoja, anafikia kama asilimia 95 ya yanayosemwa, na linalompita ni kama neno moja katika kila 20. Ila tuambiane ukweli: hesabu hiyo ni ya maneno kwenye karatasi. Inachukulia kwamba ukilijua neno, utalisikia. Kwa watu wetu waliojifunza Kiingereza ubaoni, dhana hiyo haisimami, ndiyo maana mimi nahesabu A na B mbali mbali.

Maandishi ya Kiswahili je? Mwaka huo huo watafiti wengine, Mitterer na McQueen, waliwaonyesha Waholanzi video za Kiingereza cha Skoti na cha Australia. Walipopimwa kwa sentensi mpya, waliowekewa maandishi ya Kiingereza walisikia lafudhi ile vizuri zaidi, na waliowekewa Kiholanzi walisikia vibaya kuliko wasiowekewa chochote. Lakini wale walikuwa watu wenye Kiingereza kizuri tayari. Anayeanza kabisa siwezi kumkatalia Kiswahili kwa ukali huo; namwambia tu asikiite kusikiliza.

Jambo jingine linalowavunja watu moyo bure: maandishi mara nyingi yamefupishwa. Netflix, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya mistari miwili ya herufi 42, na mwigizaji anayeongea haraka hatoshei humo. Unaandika neno ulilolisikia sawasawa, unakuta halipo, unadhani umekosea. Kwenye orodha tafuta `English [CC]` au `English SDH`, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Huwa yanafuata maneno kwa karibu zaidi, na utayatambua kwa sababu yanaandika hata mlango ukigongwa. Muvi za Kinaijeria nazipenda kwa lafudhi, maana Mnaijeria utakutana naye kikaoni, ila nyingi maandishi yake yamechomelewa kwenye picha. Bandika karatasi chini ya kioo, basi.

Yule wa mapokezi alibaki na muvi ya jikoni, kipande kile kile cha dakika tatu hadi B zikapungua, ndipo akasogea kingine. Siku hizi anapokea simu za wageni bila kuniita. Ni muvi, au ni wageni wenyewe wanaomsemesha kutwa nzima? Siwezi kuvitenganisha. Na nina shaka nyingine kubwa zaidi: sauti za muvi husafishwa studio, na waigizaji kwa kawaida husubiriana zamu. Wageni wawili wakimwongelesha kwa pamoja, feni inapiga kelele na pikipiki inawashwa nje, bado anapotea, na muvi ya kumtibu hilo sijampatia.