Kukopa likizo ya mwaka ujao ni kukopa nini hasa?

Hapa Moshi na Arusha, hasa kuanzia Januari baada ya watu kumaliza siku zao zote nyumbani kwa Krismasi, neno "kukopa likizo" hutumika kwa kila ombi la kuondoka kazini ghafla. Anayeomba siku alizokwisha kuzifanyia kazi lakini hajazitumia husema anakopa, na aliyefiwa na mama yake mzazi naye husema hivyo hivyo. Wote wawili hawakopi chochote. Kukopa likizo ni kuomba siku zenye malipo ambazo zitatokana na mzunguko wa likizo ambao bado haujaanza.

Neno la kuzingatia hapo ni mzunguko. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12 inayohesabiwa tangu mfanyakazi alipoajiriwa, na kila mzunguko una likizo isiyopungua siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani yake. Kwa hiyo "mwaka ujao" wa aliyeajiriwa tarehe 1 Aprili huanza Aprili, labda kama ofisi yake imepanga likizo za wote zifuate kalenda.

Linalonisumbua zaidi ni watu kukopa kile ambacho ni haki yao. Sheria hiyo hiyo inatoa siku zisizopungua 4 zenye malipo katika kila mzunguko, ambao kwa likizo ya aina hii ni wa miezi 36, kwa anayeuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo ni jumla ya mzunguko huo mzima, hata misiba ikiwa miwili, na mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Hata hivyo haruhusiwi kuzikata katika likizo ya mwaka, wala mfanyakazi hana sababu ya kujitolea zikatwe. Nimeona barua ya mtu aliyefiwa na baba yake mzazi akiomba "akopeshwe siku nne", na ofisi ikamkubalia kwa moyo mkunjufu kabisa.

Orodha hiyo, kwa upande mwingine, ni fupi kuliko ukoo. Baba mdogo hayumo, shangazi hayumo, wala mama mkwe. Hapo ndipo mkopo wa kweli unapozaliwa.

Tuchukue karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, aliyeajiriwa tarehe 1 Aprili, ambaye siku zake 28 zilikwisha Desemba. Mwezi Februari anafariki baba mdogo aliyemlea, na mazishi ni Rombo. Anahitaji kuondoka Alhamisi na kurudi kazini Jumatano, baada ya kuanua matanga. Kwa hesabu ya siku mfululizo hizo ni siku 6, Jumapili ikiwemo. Kwa ofisi inayohesabu siku za kazi tu, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ni 5. Akikubaliwa kwa hesabu ya kwanza, mzunguko wake wa Aprili utabaki na siku 22.

Sheria inaruhusu likizo ya mwaka ipunguzwe kwa siku za ruhusa yenye malipo ambazo mfanyakazi mwenyewe aliomba ndani ya mzunguko uleule, lakini mwajiri halazimiki kumtangulizia siku za mzunguko unaofuata. Ni makubaliano, na anaweza kukataa au kutoa ruhusa isiyo na malipo.

Ugomvi huja mtu anapoacha kazi mapema. Kwa kawaida kila siku 13 za utumishi huzaa siku 1 ya likizo. Karani wetu akiacha kazi mwishoni mwa Aprili atakuwa amechuma kama siku 2 tu kati ya zile 6, na ujira wa siku 4 unakuwa deni. Deni la namna hiyo halikatwi kwenye mshahara kwa neno la mdomo. Mfanyakazi lazima awe amekubali kwa maandishi.

Kwa hiyo anayekopa kweli asiandike "naomba likizo ya dharura", maana hata mhasibu hatajua siku hizo zinatoka wapi. Inatosha kuandika: "Naomba siku 6 zenye malipo, kuanzia Alhamisi hadi Jumanne, Jumapili ikihesabiwa, zipunguzwe katika mzunguko wangu wa likizo unaoanza tarehe 1 Aprili. Nikiacha kazi kabla ya kuzifikia, nakubali ujira wa siku zilizosalia ukatwe katika malipo yangu ya mwisho." Na aliyefiwa na mzazi aandike tu kwamba anachukua siku zake nne za msiba.