Kikombe chenye vishikio viwili: dhana potofu kuhusu ICP

Dhana: Kosa likiwa dogo, skani zimekaa sawasawa.

Hii ndiyo iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote. Niliweka kikombe kwenye kisahani cha kuzungusha, kamera ya kina ikiwa sentimita 50 kutoka hapo, nikachukua skani moja kila nyuzi 30. Nilipounganisha mbili za kwanza kwa ICP ya maktaba ya Open3D, yaani Iterative Closest Point, njia ya kulaza skani moja juu ya nyingine, kosa lake, `inlier_rmse`, lilikuwa chini ya milimita 2, lakini kikombe kilikuwa na vishikio viwili.

Ukweli ni kwamba ICP hufanya kazi moja tu: kila nukta huipa jirani yake wa karibu katika skani nyingine, hukokotoa mzunguko na msogeo unaopunguza umbali huo, kisha hurudia. Kiwiliwili cha kikombe ni mviringo, kwa hiyo hata ukikizungusha kinajifunika chenyewe. Kinachoonyesha mzunguko ni kishikio pekee. Chenyewe kiko sentimita 6 kutoka katikati, na nyuzi 30 zinakisogeza kama sentimita 3. Mimi nilikuwa nimeweka umbali wa juu wa kulinganisha kuwa sentimita 1, hivyo nukta nyingi za kishikio hazikupata jirani, zikaachwa nje ya hesabu. Kosa hupimwa kwa nukta zilizopata jirani tu. Tazama pia `fitness`, yaani sehemu ya nukta zilizopata jirani, kisha zipake skani rangi mbili tofauti uangalie kishikio kwa macho.

Dhana: ICP itautafuta mzunguko yenyewe.

Haitautafuta, hurekebisha makadirio yaliyo karibu na jibu. Ipe nyuzi 30 kama mwanzo, tena kuzunguka mhimili wa kisahani. Ukizungusha kuzunguka kamera, kikombe kinarushwa karibu sentimita 26 kutoka mahali pake, na hapo hakuna jirani wa kweli.

Dhana: Kuchuja ni kuondoa nukta chafu tu.

Meza ni safi kabisa, lakini ndiyo adui mkubwa. Haizunguki, na nukta zake mara nyingi ni nyingi kuliko za kikombe, kwa hiyo ICP inaridhika kuacha kila kitu kilipo. Iondoe kwanza, `pcd` ikiwa ni nukta za skani moja (vipimo hapa ni vya mita):

```python
plane, idx = pcd.segment_plane(0.005, 3, 1000)
pcd = pcd.select_by_index(idx, invert=True)
```

Baada ya hapo shughulikia nukta zinazoelea nyuma ya ukingo wa kikombe. Hutokea pale pikseli moja inapopokea mwanga wa ukingo na wa ukuta wa nyuma kwa pamoja, ikatoa umbali wa katikati usiokuwepo. `remove_statistical_outlier` yenye majirani 20 na `std_ratio` ya 2.0 huzipunguza vizuri. Ukishusha namba hiyo ya pili kupita kiasi, kichujio kinaanza kula kishikio, kwa sababu nukta zake ni chache na zimetawanyika. Kishikio kikishaliwa, hata makadirio mazuri hayana tena cha kushikilia.