Kijivu Kilichogeuka Kijani: Dhana Potofu Kuhusu Rangi na Jirani Zake

Dhana: Rangi ikionekana tofauti ukutani, fundi amekosea kuchanganya.

Chukua sebule ya kawaida pale Majengo, Moshi. Makochi ni ya damu ya mzee, na mwenye nyumba amechagua kijivu chepesi kwa ajili ya ukuta. Dukani kilikuwa kijivu safi. Fundi akimaliza mkono wa pili na makochi yakirudishwa mahali pake, ukuta unaanza kuonekana una ukijani. Hapo fundi ataitwa, na maneno yatakuwa mengi.

Ukweli ni kwamba inawezekana kabisa rangi ni ileile ya dukani. Macho hayapimi rangi moja moja, bali hulinganisha kila rangi na iliyo kando yake na kuikuza tofauti iliyopo kati yao. Ukuta uliozungukwa na wekundu mwingi husukumwa upande wa pili wa wekundu, yaani kwenye ukijani. Kwa namna hiyohiyo, kijivu kilekile kando ya kabati la rangi ya machungwa huvuta kwenye bluu, na kando ya njano huvuta kwenye zambarau.

Malalamiko ya aina hii ni ya zamani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipokuwa mkuu wa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilizofumwa kando ya bluu na zambarau zimefifia. Alizichunguza, akakuta dawa ya rangi haina tatizo. Tatizo lilikuwa jirani zake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Kabla ya kugombana na fundi, pima. Paka rangi iliyobaki kwenye vipande viwili vya kadibodi, viache vikauke kabisa, kisha weka kimoja juu ya kochi na kingine juu ya shuka jeupe, karibu karibu, mbele ya dirisha lilelile. Vitaonekana rangi mbili. Sasa vifunike kwa karatasi kubwa nyeupe yenye matundu mawili, kila tundu likiwa juu ya kipande chake. Vikifanana na ukijani ukapotea, kosa si la kuchanganya, ni la ujirani. Kama hata kwenye tundu bado unaona ukijani, basi upo kweli kwenye kopo, na hapo una haki ya kulalamika. Ukishaondoa karatasi, tofauti hurudi ingawa umeshajua siri yake.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuwatenganisha majirani: sogeza kochi mbali kidogo na ukuta, au tupia kitambaa cha krimu juu ya mgongo wake, kwa kuwa mvutano ni mkali zaidi pale rangi zinapogusana. Ya pili ni kuongeza wekundu kidogo sana kwenye kijivu chenyewe, tone kwa tone, ukijaribu kwenye kadibodi kando ya kochi mpaka ukijani upotee. Kijivu hicho kikiwa peke yake kitaonekana na uwaridi kidogo, lakini sebuleni kitakuwa kijivu.

Dhana: Kijivu, nyeupe na krimu haziwezi kukosea, zinakwenda na kila kitu.

Kinyume chake, rangi tulivu ndizo zinazoyumbishwa zaidi, kwa sababu hazina nguvu ya kujitetea. Kamati ya send-off ikichagua suti za kijivu kwa wanaume na vitenge vya damu ya mzee kwa kina mama, ijue suti zitavuta kwenye ukijani pindi watu wakisimama pamoja. Heri kijivu chenye ukahawia.

Dhana: Nyekundu na kijani zinagombana, usizivae pamoja.

Hazigombani, zinachocheana. Kila moja humfanya mwenzake aonekane mkali zaidi, na hilo ni kosa tu pale zinapogawana nguo nusu kwa nusu. Gauni la kijani lenye mkanda mwembamba mwekundu hupata uhai ambao mkanda wa kahawia hauwezi kuupa. Uso nao ni jirani: kola nyeupe hufanya ngozi ionekane nyeusi zaidi, kola nyeusi huing'arisha.

Dhana: Sheria ni hiyohiyo kwenye kila kitambaa.

Hapa ndipo wengi hukwama wakiwa mbele ya meza za vitenge. Maua makubwa hufuata yote niliyoeleza. Lakini michirizi myembamba na vidoti vidogo hufanya kinyume, yaani rangi hukaribiana badala ya kukimbiana. Nyekundu iliyopitiwa na nyuzi nyembamba nyeusi huonekana imeiva, na ikipitiwa na nyeupe huonekana imepauka, ingawa ni nyekundu moja. Kwa hiyo usikichague kitenge cha aina hiyo kikiwa mkononi. Mwombe muuzaji akishike, urudi nyuma hatua kadhaa, na rangi utakayoiona kutoka pale ndiyo ya kutafutia kilemba.